Kufuata upepo kwa kidole, kutoka bati la mbele hadi chini ya zege

Mtunza stoo alinikabidhi nati. Ilikuwa ya nondo ya milimita 16, ina kutu upande mmoja na ng'avu upande wa pili. "Injinia, hii ni ya tatu tangu kusi lianze," alisema. "Zinadondoka usiku. Asubuhi tunaziokota juu ya magunia."

Ghala lenyewe lilikuwa la korosho, nje kidogo ya mji wa Mtwara: fremu za chuma, bati juu na bati ubavuni, ukuta wake mmoja mfupi ukielekea baharini bila mti wa kuukinga. Niliinua macho kutafuta nati ilikotoka. Kati ya fremu ya kwanza na ya pili, chini ya mabati ya paa, nondo zilizopishana zilikuwa zimelegea zikining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikazifuata kwa macho hadi kwenye upenu wa upande wa kusini, nikashuka ukutani. Pale ambapo nondo zingine mbili zilipaswa kupishana kutoka nguzo hadi nguzo, palikuwa na mlango mpana wa lori, mpya, umepakwa rangi vizuri sana.

Nati tatu zilikuwa zimekwisha kueleza habari yote. Nguvu ya upepo ilikuwa ikisukumwa kutoka chuma hadi chuma kuelekea kwenye ukuta ambao haukuwa na cha kuipokea.

Yeyote anayemiliki ghala la chuma, anayejenga moja, au anayetunza mali ndani yake anaweza kulikagua kwa njia ninayoitumia mimi. Gusa bati la ukuta wa mbele kwa kidole, kisha kipeleke kidole kwenye chuma kinachoshika bati hilo, na kwenye chuma kinachoshika chuma hicho, hivyo hivyo mpaka ufike ardhini. Mahali popote ambapo kidole kinalazimika kuinuka hewani kwa kukosa chuma cha kugusa, upepo nao utakwama hapo hapo.

Kwa nini ukuta mfupi

Fremu ya ghala, yaani nguzo mbili na boriti mbili za paa zilizoungana kileleni, ina nguvu nyingi kwa upande mmoja tu. Ukiisukuma ubavuni, kwa kuelekea upana wa ghala, maungio yake makubwa penye upenu yanakataa kukunjika. Ukiisukuma kwa kuelekea urefu wa ghala, inalala. Fremu saba zilizopangwa mstari ni kama vitabu vilivyosimamishwa rafuni bila kizuizi cha pembeni: kimoja kikiinama, vyote vinafuata. Papi za paa zinazounganisha fremu haziokoi kitu, kwa kuwa zinazifunga fremu pamoja bila kuzizuia zisilale pamoja.

Kwa hiyo upepo unaopiga ukuta mrefu hupokelewa na fremu zenyewe. Upepo unaopiga ukuta mfupi, ule wenye pembetatu juu ambao hapa nitauita ukuta wa kichwa, lazima utafutiwe njia nyingine. Njia hiyo ni mishazari, vyuma vyembamba vinavyokatiza kutoka pembe hadi pembe. Kwa kuwa ni vyembamba, watu huviona kama mapambo au kikwazo. Nafasi kati ya fremu na fremu nitaiita behewa, maana ghala refu ukilitazama kwa ubavu hufanana na treni. Mishazari haiwekwi katika kila behewa. Kwa kawaida huwekwa katika behewa la kwanza na la mwisho, na yaliyobaki yanategemea hayo mawili.

Mzigo ni kiasi gani

Tuchukue ghala linalofanana na lile la Mtwara. Upana mita 18, urefu mita 30, mabehewa sita ya mita tano tano. Upenu uko mita 6 kutoka sakafuni, kilele mita 7.5. Ukuta wa kichwa una nguzo tatu za kati, zimeachana mita 4.5.

Kasi ya upepo ya kukadiria huchaguliwa na mhandisi kutoka kwenye kanuni za usanifu, akizingatia mahali, uwazi wa eneo na kimo cha jengo. Ukanda wa kusini hauna sababu ya kuichukua kirahisi. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth alitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na Mei 2024 Hidaya akafika pwani ya Tanzania karibu na Mafia. Kwa mfano wetu tutumie mita 36 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 130 kwa saa. Msukumo wake unapatikana hivi:

```
q = 0.613 × V²
  = 0.613 × 36²
  = 794 N/m²  (karibu 0.8 kN/m²)
```

Kilonyutoni moja ni karibu uzito wa mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Kwa hiyo kila mita mraba ya ukuta inabebeshwa kama mfuko mmoja na nusu, ila mfuko huo hauketi, unasukuma kwa ubavu.

Upepo hausukumi ukuta wa mbele peke yake. Unapopita na kuacha ghala nyuma yake, huuvuta ukuta wa nyuma. Kwa makadirio ya kawaida, mbele hupokea sehemu 0.7 ya msukumo na nyuma huvutwa kwa 0.3, na zote mbili zinaelekea upande mmoja. Jumla ni 1.0, na hapa tuuweke mzigo wote juu ya mishazari ya behewa la kwanza. Eneo la ukuta wa kichwa ni mita mraba 121.5. Ukizidisha kwa 0.8 unapata kilonyutoni 97, sawa na tani kumi zinazolisukuma ghala lilale kwa urefu wake. Kwa ghala refu zaidi mhandisi huongeza pia msuguano wa upepo unaposugua paa na kuta ndefu. Kwa mita 30 na upana huu, msuguano huo unaweza kuachwa.

Kutoka bati hadi kilele cha nguzo

Hatua za mwanzo ni fupi. Bati husukuma papi za ukutani zilizolala, nazo husukuma nguzo za ukuta wa kichwa. Kila nguzo inabeba ukanda wake wa ukuta kama ubao ulioshikiliwa chini na juu. Nusu ya mzigo huteremka moja kwa moja kwenye msingi wa nguzo hiyo na habari yake huishia hapo. Nusu nyingine hupanda hadi kwenye paa, na hiyo ndiyo tunayoifuata.

Nguzo ya katikati, ndefu kuliko zote, inaliletea paa kilonyutoni 13.2. Zile mbili za pembeni yake zinaleta 12.1 kila moja. Pembe mbili za ghala, ambazo ukanda wake ni mwembamba, zinaleta 5.6 kila moja. Zijumlishe utaona 48.6, ambayo ni nusu ya 97.

Kidole kikifika kilele cha nguzo, kiangalie kwa makini. Nguzo inasukuma boriti ya paa kwa ubavu wake dhaifu. Boriti hiyo imetengenezwa kubeba paa kwa wima, na ukiisukuma kwa pembeni inapinda kama rula iliyolazwa. Kwa hiyo mshazari wa paa lazima ukutane na boriti palepale nguzo inapogusa. Ghala nyingi nilizokagua zina kosa hili: aliyechora nguzo aliziweka mita 4.5, aliyefunga mishazari akaligawa paa kwa kufuata papi, na viungo vikapishana kwa nusu mita au zaidi. Ukisimama chini huoni tatizo. Panda ngazi uchungulie boriti ya kwanza kwa urefu wake, jicho moja limefumba, kama fundi seremala anavyochungulia mbao. Ikiwa imepinda kwa kuingia ndani penye vilele vya nguzo, basi msukumo unaishia kwenye boriti kabla ya kuufikia mshazari.

Jambo la pili ni chuma kinachokwenda kutoka kilele cha nguzo hadi fremu ya pili. Kinasukumwa kwa kilonyutoni 13, na chuma kirefu chembamba kikisukumwa kwa ncha zake hujikunja katikati. Papi ya kawaida yenye umbo la Z, ya bati lililokunjwa, ina kazi yake tayari ya kubeba mabati, na inajizungusha kwa urahisi. Mahali hapa ninapendelea bomba la mraba, limefungwa kwa bolti kwenye fremu zote mbili. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kazi inayofanya, na nalitetea bomba hili kila ninapoona limefutwa kwenye orodha ya vifaa ili kupunguza bei.

Paa kama daraja lililolala

Sasa tazama behewa la kwanza kutoka angani. Boriti ya kwanza na boriti ya pili ni kingo mbili za daraja, mabomba ni nguzo zake ndogo, mishazari inakatiza katikati. Daraja hili limelala, na mzigo wake unakuja kwa ubavu. Ncha zake mbili zinaegemea kwenye upenu wa kushoto na upenu wa kulia, na kila upenu unapokea nusu, yaani kilonyutoni 24.3.

Mshazari unaofanya kazi kubwa ni ule ulio karibu na upenu, kwa sababu umekusanya mzigo wa nguzo zote za upande wake. Ule wa karibu na kilele unabeba kidogo. Watu hudhani kinyume, kwamba katikati ya paa ndipo penye hatari. Kwa ghala letu, mshazari wa pembeni unavutwa hivi:

```
mzigo     = 24.3 − 5.6       = 18.7 kN
mshazari  = √(4.5² + 5²)     = 6.73 m
mvuto     = 18.7 × 6.73 / 5  = 25 kN
```

Ule wa katikati unavutwa kwa kilonyutoni 9 tu.

Nondo inajua kuvuta, haijui kusukuma. Ndiyo maana mishazari hupishana kama herufi X: upepo ukija huku, moja inakaza na nyingine inalegea, na upepo ukigeuka zinabadilishana zamu. Ukikata mmoja kwa kuwa "wa pili upo", umelikinga ghala kwa kusi na kuliacha wazi kwa kaskazi.

Nondo laini ya milimita 16 yenye hesi inatosha hapa, lakini kwa chupuchupu. Hesi hupunguza unene wa chuma. Mwili wa nondo una milimita mraba 201, lakini penye hesi zinazobaki kufanya kazi ni 157, na hesabu hufanywa kwa hizo 157. Ukiweka kiwango cha usalama cha 1.4, mvuto unafika 35 na uwezo wa chuma cha kawaida ni karibu 38. Fundi asiyepata nondo ya hesi mara nyingi huchukua nondo ya zege, ile yenye mikunyo, na kuichomelea kwenye bamba. Naomba jambo hili liachwe. Chuma kigumu cha zege hupoteza sifa yake pale moto wa kuchomelea ulipopita, na kinapokatika hakionyi, kinakatika ghafla.

Njia ya kujua kama nondo inafanya kazi ni kuigonga kwa spana katikati. Iliyokaza hutetema na kutoa sauti. Iliyolegea hugonga "tap" na kuyumba. Hapa hatutaki nondo iliyokazwa mpaka ipinde fremu. Tunataka tu ule mlegeo uishe, kwa sababu kabla nondo iliyolegea haijaanza kuvuta, ghala linakuwa limekwisha kusogea. Kila kusi likilisogeza na kulirudisha, nati inazunguka kidogo, na usiku mmoja inadondoka juu ya gunia la korosho. Nati mbili zilizobanana kila ncha zinazuia hilo.

Kushuka ukutani

Kilonyutoni 24.3 zimefika upenuni, mita 6 juu ya sakafu, kwenye ukuta mrefu wa kushoto, na kiasi hicho hicho kwenye ukuta wa kulia. Zinashuka kwa mshazari wa ukuta, kutoka kilele cha nguzo ya pili hadi chini ya nguzo ya pembeni. Behewa lina upana wa mita 5 na kimo cha mita 6, hivyo mshazari una mita 7.8 na unavutwa kwa kilonyutoni 38. Hapa nondo ya 16 haitoshi. Ya milimita 20 inatosha, au engo iliyofungwa kwa bolti.

Katika ghala la korosho, hapa ndipo kidole changu kiliinuka hewani. Ukuta wa kusini ulitobolewa mlango katika behewa la kwanza kwa sababu lori lilipata nafasi nzuri ya kugeukia upande huo. Fundi aliyetoboa alikata nondo mbili, akaweka fremu ya mlango ya engo nyepesi, akafunga kazi. Ukuta wa kaskazini ulikuwa mzima. Nilishusha timazi kwenye nguzo zote nne za pembeni. Za kaskazini zilikuwa zimeinama milimita 4 na 6. Za kusini, 31 na 38. Ghala lilikuwa linajizungusha: upande mmoja umeshikwa, upande wa pili unakwenda na upepo. Nondo za paa zilikuwa zikijaribu kuuvuta upande wa kusini urudi, na ndizo zilizokuwa zikitoa nati.

Meneja wa ghala aliuliza swali la haki kabisa. "Injinia, lori lazima liingie. Mlango huu siwezi kuufunga. Sasa tufanyeje?"

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka fremu nzito kuzunguka mlango wenyewe, yenye pembe ngumu zisizokunjika, ifanye kazi ya mshazari huku lori likipita katikati. Inawezekana, lakini chuma chake ni kingi na kuchomelea kwake kunahitaji mkono mzuri. Ya pili ni kuhamisha mishazari kwenda behewa lingine la ukuta huohuo. Nguvu haijali kama inashuka behewa la kwanza au la tatu, mradi ipate njia ya kufika. Njia hiyo ni chuma imara kinachokwenda kwa upenu kutoka fremu ya kwanza hadi behewa la tatu bila kukatika, kwa kuwa kilonyutoni 24 zitasafiri ndani yake.

Tulichagua ya pili. Mkandarasi alikuwa na mabomba ya mraba tayari na aliona kazi itaisha kwa siku tatu. Ilichukua wiki tano, na sababu ilikuwa chini ya sakafu.

Nguzo inayotaka kupaa

Mshazari wa ukuta unavuta chini ya nguzo kwa mwelekeo wa mshazari. Sehemu ya mvuto huo inasukuma msingi kwa ubavu: kilonyutoni 24.3 zilezile tulizozifuata kutoka upenuni. Sehemu ya pili inaelekea juu, na hii ndiyo watu wengi hawaitarajii:

```
mnyanyuo = 24.3 × 6 / 5 = 29.2 kN
```

Upepo uliokuja kwa ubavu sasa unaing'oa nguzo ya pembeni kwa nguvu ya karibu mifuko 60 ya saruji. Nguzo ya pili ya behewa hilo inakandamizwa kwa kiasi hicho hicho, ila hilo halinisumbui, msingi umezoea kubeba. Angalia pia umbo la behewa linavyoamua. Ghala likiwa refu kwenda juu na behewa likiwa jembamba, mnyanyuo unakua. Kimo cha mita 9 kwenye behewa hilohilo la mita 5 kingegeuza 24.3 kuwa karibu 44, hata bila kuhesabu ukuta uliokua.

Mnyanyuo huo hauji peke yake. Upepo huohuo unapopita juu ya paa hulinyonya. Kwa kona yetu, ambako fremu ya kwanza inabeba paa lake kama fremu nyingine, eneo la paa linalotegemea nguzo hiyo ni mita mraba 22.5. Tukikadiria mnyonyo wa kilonyutoni 0.72 kwa mita mraba, zinaongezeka 16.2. Jumla ni 45.4. Kinachopinga ni uzito wa chuma na mabati, na ghala la chuma ni jepesi: kona hii ina kama kilonyutoni 7 tu. Ukizidisha upepo kwa 1.4 kwa usalama, na uzito ukiuacha kama ulivyo, bado kuna kilonyutoni 57 zinazotaka kuinua nguzo. Lazima zege na udongo vizikatalie.

Msingi ambao mafundi wengi huchimba kwa mazoea, mita 1.2 kwa 1.2 na unene wa nusu mita, una uzito wa kilonyutoni 17. Hata haufiki theluthi. Panua hadi mita 1.5 kwa 1.5 kwa unene uleule, uchimbe mita 1.5 kwenda chini, kisha urudishe udongo wa mita moja juu yake na kuushindilia. Zege la chini linatoa 27, nguzo fupi ya zege ya sentimita 40 inatoa karibu 4, na udongo uliokaa juu ya zege unatoa kama 35. Jumla ni 66, na nguzo imetulia. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni udongo ambao hakuna aliyeulipia. Ndiyo sababu kina cha shimo ni muhimu kuliko wingi wa saruji, na ndiyo sababu kurudisha udongo ovyo bila kuushindilia, au kuchimba mfereji wa maji kando ya kona miaka miwili baadaye, ni kuliondolea ghala mzigo wake.

Karibu na bahari kuna la kuongeza. Zege na udongo vikizama majini hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, zege hushuka kutoka 24 hadi 14 kwa kila mita ya ujazo. Shimo likijaa maji hadi juu wakati wa masika, zile 66 zinakuwa karibu 37, chini ya zile 57 zinazohitajika. Chimba shimo la majaribio mwezi wa Aprili uone maji yanasimama wapi, kabla ya kuchora msingi.

Ule msukumo wa ubavu nao usisahauliwe. Msingi uliokaribia kunyanyuliwa hauna uzito wa kutosha kujishikilia kwa msuguano. Ushikilie kwa kuunganisha nguzo fupi ya zege na sakafu kwa nondo, sakafu nzima iwe nanga.

Kati ya chuma na zege kuna bolti nne, na hapo kidole hupita mahali pembamba kuliko pote. Bolti ya msingi yenye kichwa au bamba dogo chini, iliyozikwa pamoja na zege na kufungwa kwenye kizimba cha nondo, huvuta zege lote. Bolti iliyotiwa baadaye kwenye tundu lililotobolewa na kujazwa saruji juu ya vumbi hujivuta yenyewe tu. Kuzitambua si vigumu. Piga magoti penye nguzo ya pembeni, futa vumbi, utazame saruji iliyo chini ya bamba la nguzo. Ufa mwembamba unaozunguka bamba, wenye vumbi jeupe safi kwenye kingo, unaonyesha kuwa bamba linapanda na kushuka. Nati ambayo haijagusa bamba, hata kwa unene wa karatasi, inaonyesha hivyo hivyo.

Turudi Mtwara. Behewa la tatu halikuwahi kuwa na mishazari, kwa hiyo misingi yake ilichimbwa midogo, ya kubeba uzito wa kawaida tu. Huko, nguzo inategemewa na paa pana mara mbili ya lile la kona, hivyo hata mnyonyo wake ni mkubwa zaidi. Tungefunga mishazari mipya juu ya misingi ile, tungekuwa tumeuhamisha mlango wa balaa mita kumi mbele. Tulikata sakafu, tukachimba kuizunguka misingi miwili, tukatoboa na kufunga nondo mpya, tukamwaga zege pana zaidi, tukasubiri likomae. Muda wote huo kamba za chuma zilishikilia ukuta wa kusini kutoka upenuni hadi kwenye vitalu vya zege nje, kwa sababu ghala lisilo na mishazari halipaswi kuachwa hata usiku mmoja. Ghala nyingi huanguka zikiwa bado zinajengwa, fremu zimesimama zote, mishazari ikisubiri gari la mwisho la vifaa. Mishazari ya behewa la kwanza hufungwa mara fremu mbili za kwanza zinapoinuliwa, kabla ya ile ya tatu.

Mlango ulibaki ulipo. Nilirudi Julai, kusi likivuma, nikagonga nondo za paa moja moja kwa spana na mtunza stoo akinishikia ngazi. Zote ziliitika ila moja karibu na kilele, tukaikaza nusu mzunguko. Kisha akaniongoza hadi nguzo mpya za behewa la tatu, akapiga magoti mwenyewe, akafuta vumbi, na kupitisha ukucha kati ya bamba na saruji. Haukuingia.